Kasma tano, manunuzi sita: kuunganisha mpango wa manunuzi na bajeti ya mradi

*"Mimi ni mhasibu wa shirika dogo hapa Dodoma, na manunuzi pia yako mikononi mwangu. Mradi wetu wa afya ya mama una kasma tano zinazogusa manunuzi, jumla shilingi milioni 105. Sera yetu inasema hivi: hadi 500,000 tunanunua moja kwa moja; juu ya hapo hadi milioni 5, kotesheni tatu; juu ya hapo hadi milioni 40, kotesheni tatu kwa bahasha zilizofungwa, mbele ya kamati ya manunuzi; zaidi ya milioni 40, zabuni ya kutangazwa siku 21. Mwaka jana nilipeleka mpango wenye kasma, kiasi na njia ya ununuzi kwa kila kasma. Mkaguzi akaandika kwamba tumegawanya manunuzi ili kukwepa ukomo. Sikugawanya chochote. Sasa mfadhili anataka mpango unaoonyesha kila ununuzi unatoka kasma gani na unahitaji kotesheni ngapi. Nilikosea wapi, na safari hii niuandaeje?"*

Ndugu yangu, nakuamini kwamba hukugawanya kwa makusudi. Aliyegawanya ni jedwali lako. Uliipa kila kasma njia ya ununuzi, na kasma haina njia ya ununuzi. Kasma ni ruhusa ya kutumia fedha kwa kazi fulani. Ununuzi ni safari ya kwenda sokoni kutafuta kitu fulani kwa wauzaji wa aina fulani. Ukomo ulioandikwa kwenye sera yenu unapima hiyo safari ya sokoni: mnatafuta nini, cha thamani gani kwa mwaka mzima. Fedha ikitoka mfuko mmoja au mifuko mitatu, kwa muuzaji ni fedha moja.

Kwa hiyo shilingi zile zile milioni 105 zinakatwa mara mbili. Mara ya kwanza zinakatwa kwa kazi, na hapo unapata kasma. Mara ya pili zinakatwa kwa soko, na hapo unapata manunuzi. Mikato hiyo miwili hailingani hata siku moja. Kasma moja ya mafunzo ndani yake ina ukumbi, chakula, uchapaji na posho. Kinyume chake, ununuzi mmoja wa vishikwambi unaweza kuchota kasma mbili au tatu. Ukilazimisha viwe kitu kimoja, kila kasma itaonekana ndogo, itaangukia kwenye ukomo wa chini, na utanunua kitu kile kile mara mbili kwa njia nyepesi.

Mkaguzi naye hapangi leja yako kwa kasma. Anaipanga kwa jina la muuzaji na aina ya bidhaa, kisha anajumlisha mwaka mzima. Ndiyo maana aliona usichokiona wewe. Jambo hili nililijifunza kwa uchungu: katika shirika moja nililofanyia kazi, tulinunua kompyuta mpakato chache chache kupitia miradi minne, kila mradi na faili lake safi lenye kotesheni tatu. Zilipojumlishwa zilivuka ukomo wa kamati, na sehemu ya gharama ile ikakataliwa. Hakuna aliyeiba hata senti, lakini fedha zilirudishwa.

Tiba yake ni kuweka karatasi moja katikati ya bajeti na mpango. Mimi huiita daraja. Kila mstari wa daraja unabeba mambo manne tu: namba ya kasma, kitu kinachohitajika, kiasi chake, na namba ya ununuzi ambao kitu hicho kinaingia. Acha nikujengee kwa mfano unaofanana na wako, kwa jumla ile ile ya milioni 105.

Tuseme kasma 2.3, vifaa vya ofisi, ina 9,000,000 kwa kompyuta mpakato nne. Kasma 3.1, vifaa vya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ina 36,000,000: vishikwambi 60 kwa 450,000 kila kimoja, yaani 27,000,000, pamoja na mabegi na mabuti ya 9,000,000. Kasma 3.2, mafunzo, ina 24,000,000: kumbi na chakula kwa mafunzo manne 14,000,000, uchapaji wa miongozo 1,800,000, posho na nauli 8,200,000. Kasma 4.2, ufuatiliaji na tathmini, ina 12,000,000: vishikwambi vinane 3,600,000, uchapaji wa madodoso 2,400,000, posho za wakusanya takwimu 6,000,000. Kasma 5.1, usafiri, ina 24,000,000: mafuta 18,000,000 na matengenezo ya gari 6,000,000.

Kabla ya kuhesabu kitu kingine, toa kile ambacho si ununuzi. Posho na nauli za washiriki hazishindanishwi. Zinalipwa kwa viwango vya sera. Hapa ni 8,200,000 na 6,000,000, jumla 14,200,000. Usizifute kwenye daraja. Ziache, lakini kwenye safu ya namba ya ununuzi andika "SI", ili kila shilingi ya kasma iwe na mahali pake. Zinazobaki ni 90,800,000, na hizo ndizo zinazokwenda sokoni.

Sasa soma daraja ukiwa umefunika safu ya kasma kwa kiganja. Angalia vitu tu. Kwa kila jozi jiulize: je, muuzaji mmoja wa kawaida anauza vyote viwili, na je, vinahitajika ndani ya kipindi ambacho ningeweza kuviagiza pamoja? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, huo ni ununuzi mmoja. Vishikwambi 60 vya kasma 3.1 na vishikwambi vinane vya kasma 4.2 ni ununuzi mmoja bila ubishi: vipande 68, shilingi 30,600,000. Tazama jinsi hatari ilivyokuwa imejificha. Ukiangalia kasma 4.2 peke yake unaona 3,600,000 na unaandika "kotesheni tatu" bila kamati. Nina hakika kubwa kwamba alama ya mkaguzi ya mwaka jana ilitoka mahali kama hapa.

Kompyuta mpakato je? Wauzaji wanaouza vishikwambi kwa wingi ndio hao hao wanaouza kompyuta, na mradi unaanza Januari, kwa hiyo vyote vinahitajika miezi ya mwanzo. Mimi ningeviweka pamoja, loti mbili ndani ya ununuzi mmoja, ili muuzaji aweze kuomba loti moja au zote. Jumla inakuwa 39,600,000. Iko chini ya ukomo wa zabuni kwa shilingi 400,000 tu.

Hapa ndipo nataka ukae kidogo, kwa sababu wengi hupita haraka. Bei ya 450,000 uliipata wapi, na ilikuwa na kodi ya ongezeko la thamani ndani yake? Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18. Kama bei ulizoweka kwenye bajeti hazikuwa na kodi na mradi wenu hauna msamaha, hiyo 39,600,000 inakuwa 46,728,000. Umeshavuka milioni 40, na bajeti imepungukiwa zaidi ya milioni saba. Kwa kawaida thamani ya kulinganisha na ukomo ni ile yote mtakayolipa, kodi na usafirishaji vikiwemo, isipokuwa sera yenu iseme vingine kwa maandishi. Isome sera kifungu hicho leo. Kama haisemi kitu, pata uamuzi wa mkurugenzi kwa barua fupi na uuweke kwenye faili la mpango.

Hata kama kodi imo tayari na kweli ni 39,600,000, ushauri wangu ni mmoja: tangaza zabuni. Makadirio yaliyosimama kwenye asilimia 99 ya ukomo yanavuta jicho la kila mkaguzi, na kotesheni moja ikirudi juu kidogo mchakato wote unavurugika. Kwa kawaida sera haikukatazi kutumia njia nzito kuliko inayotakiwa. Gharama yake ni muda, na muda huo unauona mapema kwa sababu una mpango.

Uchapaji ni rahisi zaidi: miongozo 1,800,000 kutoka kasma 3.2 na madodoso 2,400,000 kutoka 4.2, jumla 4,200,000, kotesheni tatu. Mabegi na mabuti ni kasma moja na ununuzi mmoja, 9,000,000, bahasha na kamati. Matengenezo ya gari 6,000,000 nayo ni bahasha na kamati, ila mara moja tu mwanzoni mwa mwaka, kupata gereji mtakayoingia nayo makubaliano ya bei za kazi na vipuri vya kawaida. Bila hivyo utajikuta unatafuta kotesheni tatu gari likiwa limekufa njiani.

Mafuta yanahitaji maelezo. Kila ujazaji ni kama laki moja na nusu, kwa hiyo watu wengi huyaweka kwenye "ununuzi wa moja kwa moja" na kuendelea. Lakini kwa mwaka ni 18,000,000, na ni kitu kile kile kila wiki. Kwa jumla ya mwaka yako kwenye ukomo wa bahasha na kamati. Utasema: nishindanishe nini, wakati EWURA inatangaza bei kikomo kila mwezi? Ni kweli bei ya juu imewekwa, na vituo vya mji mmoja hutofautiana kidogo. Shindanisha basi yale yanayotofautiana: punguzo chini ya bei kikomo, kulipa baada ya siku 30, kadi au vocha zenye namba ya gari, risiti ya EFD kwa kila ujazaji, na kama wana kituo kwenye njia mnazopita. Kwenye mkataba usiandike bei ya lita. Andika punguzo kwa lita kutoka bei kikomo ya mwezi husika. Ukiandika bei ya lita, mwezi wa pili mkataba umekufa.

Kumbi na chakula ndipo kugawanya kunapokuwa halali, na ni vizuri ujue tofauti. Mafunzo manne kwa 3,500,000 ni 14,000,000. Kama yote yanafanyika Dodoma mjini, watoa huduma ni wale wale: ni ununuzi mmoja, bahasha na kamati, na makubaliano ya bei kwa mshiriki kwa siku. Lakini kama mafunzo ni moja Kondoa, moja Mpwapwa, moja Kongwa na moja Chemba, mwenye ukumbi wa Kondoa hawezi kulisha watu Mpwapwa. Hayo ni masoko manne, na kila moja ni ununuzi wa 3,500,000 wenye kotesheni tatu zake. Kinachokulinda ni sentensi moja iliyoandikwa kwenye mpango *kabla* ya kununua: "Yametenganishwa kwa kuwa huduma inatolewa wilaya nne tofauti na watoa huduma ni wa eneo husika." Sentensi hiyo hiyo ikiandikwa baada ya mkaguzi kuuliza haina uzito. Na kama wilaya mojawapo ina kumbi mbili tu zinazofaa, usibuni ya tatu. Andika kwamba mliomba zote zilizopo, zilikuwa mbili, na uombe idhini ya kuendelea na mbili kwa mujibu wa sera.

Mpango sasa unakuwa hivi:

| Namba | Ununuzi | Kasma na kiasi | Thamani | Njia |
|---|---|---|---|---|
| M01 | Vishikwambi na kompyuta (loti 2) | 2.3: 9,000,000; 3.1: 27,000,000; 4.2: 3,600,000 | 39,600,000 | Zabuni ya kutangazwa, siku 21 (uamuzi wa kupanda ngazi) |
| M02 | Mabegi na mabuti | 3.1: 9,000,000 | 9,000,000 | Kotesheni 3, bahasha, kamati |
| M03 a–d | Kumbi na chakula, wilaya nne | 3.2: 14,000,000 | 3,500,000 kila wilaya | Kotesheni 3 kila wilaya |
| M04 | Uchapaji | 3.2: 1,800,000; 4.2: 2,400,000 | 4,200,000 | Kotesheni 3 |
| M05 | Mafuta, mwaka mzima | 5.1: 18,000,000 | 18,000,000 | Kotesheni 3, bahasha, kamati |
| M06 | Matengenezo ya gari | 5.1: 6,000,000 | 6,000,000 | Kotesheni 3, bahasha, kamati |

Jumlisha thamani utapata 90,800,000. Ongeza 14,200,000 za posho, unarudi kwenye 105,000,000. Jumla isiporudi, kuna kitu kimesahaulika au kimeingia mara mbili, na usiutume mpango mpaka ukipate.

Kwenye Excel utahitaji karatasi nne: Bajeti, Daraja, Ukomo na Mpango. Daraja lina kasma safu A, kitu safu B, kiasi safu C, namba ya ununuzi safu D. Kwenye Mpango, safu A ni namba ya ununuzi, na thamani usiiandike kwa mkono kamwe. Iache ijikusanye kutoka daraja. Karatasi ya Ukomo ina viwango vya chini safu A, yaani 0, 500001, 5000001 na 40000001, vikiwa vimepangwa kutoka kidogo kwenda kikubwa, na njia ya ununuzi safu B. Fomula ya kwanza hapa chini inaleta thamani, ya pili inaleta njia, na ya tatu, inayokaa kwenye Bajeti penye kasma safu A na kiasi kilichoidhinishwa safu B, lazima itoe sifuri kwa kila kasma.

```
=SUMIFS(Daraja!C:C,Daraja!D:D,A2)
=VLOOKUP(C2,Ukomo!A:B,2,TRUE)
=B2-SUMIFS(Daraja!C:C,Daraja!A:A,A2)
```

Ya pili inasoma thamani iliyoko safu C ya Mpango. M03 iandike mistari minne kwenye daraja na minne kwenye Mpango, M03a hadi M03d, la sivyo itajumlishwa kuwa 14,000,000 na kukuletea njia isiyo yake. Kwa M01, fomula itakuambia "bahasha na kamati" kwa sababu 39,600,000 haijavuka. Ongeza safu ya "njia iliyochaguliwa" pembeni, ili uamuzi wenu wa kupanda ngazi uonekane kuwa uamuzi.

Kuna mtego mmoja mdogo unaoniumiza kila mwaka kwenye majedwali ya watu. Kama bajeti yenu ina kasma 4.1 na kasma 4.10, Excel huiona 4.10 kuwa namba na kuikata iwe 4.1. Hata ukiifanya maandishi, SUMIFS bado huzihesabu kuwa kitu kimoja, na kasma mbili zinachanganyika kimyakimya. Tanguliza herufi: andika K4.1 na K4.10 kila mahali. Kwa herufi moja tu tatizo limekwisha.

Tarehe nazo ni sehemu ya mpango, na zinahesabiwa kurudi nyuma. Wahudumu wa afya wanahitaji vishikwambi 1 Mei. Muuzaji apewe siku 30 za kuleta, kwa hiyo mkataba usainiwe 1 Aprili. Tathmini na idhini zichukue wiki mbili: bahasha zifunguliwe 18 Machi. Tangazo la siku 21 litoke 25 Februari. Kuandika sifa za vifaa na kupitisha nyaraka kunataka wiki mbili nyingine, kwa hiyo kazi inaanza 11 Februari. Sasa mwenye mradi anaona mwenyewe kwamba ombi la manunuzi likimfikia mnunuzi mwezi Machi, mafunzo ya Mei yatafanyika bila vifaa. Manunuzi mengi ya dharura ninayoyaona yalikuwa ya kawaida kabisa. Aliyehitaji alichelewa tu kusema.

Kuhusu kotesheni tatu, naomba tuelewane vizuri, maana karatasi tatu za profoma hazitoshi. Zinazotakiwa ni bei tatu za kitu kimoja, kilichoelezwa kwa maneno yale yale, kwa watu watatu wasiohusiana. Andika ombi moja lenye sifa, idadi, mahali pa kupeleka, muda wa kuleta na siku ya mwisho, ulitume kwa wote siku moja. Angalia pia sera yenu inasema kotesheni tatu *zilizoombwa* au *zilizopokelewa*. Kama ni zilizopokelewa, omba tano, kwa sababu wawili hawatajibu. Zikirudi, zilaze mezani pamoja. Namba ya simu moja kwenye kotesheni mbili, kosa lile lile la tahajia kwenye zote tatu, au bei mbili zilizo juu ya ya kwanza kwa asilimia ile ile: hizo zimetoka duka moja. Hapo unasimamisha, unaomba upya, na unaandika kwa nini.

Bei zikirudi juu ya makadirio, ndipo faida ya daraja inapoonekana. Chukua uchapaji. Umekadiria 4,200,000, lakini kotesheni ya chini inayokidhi sifa inasema madodoso 2,950,000 na miongozo 2,200,000, jumla 5,150,000. Maswali mawili yanazuka, na usiyachanganye. La kwanza ni la ukomo: umevuka milioni 5. Usimwombe mchapaji ateremke hadi 4,990,000 ili ubaki ngazi ya chini. Hiyo ndiyo sura halisi ya kukwepa. Rudia kwa bahasha zilizofungwa mbele ya kamati, au kama sera inaruhusu, pelekea kamati kotesheni zilizopo na maelezo. La pili ni la bajeti: kasma 4.2 imepungukiwa 550,000 na kasma 3.2 imepungukiwa 400,000. Unajua hivyo kwa sababu umemwomba mchapaji bei ya kila kazi peke yake. Ungekuwa na jumla tu, ungebaki kugawa kwa kukisia, na kukisia hakuelezeki kwa mfadhili.

Kufidia upungufu huo kunategemea mkataba wenu wa ruzuku. Ruzuku za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huruhusu kuhamisha kati ya vichwa vikuu vya bajeti bila nyongeza ya mkataba mradi badiliko lisizidi asilimia 25 ya kichwa husika. Wafadhili wengine wanabana zaidi. Tafuta kifungu hicho kwenye mkataba wenu na ukiandike juu ya karatasi ya Bajeti. Uhamisho ukikubaliwa, badilisha daraja kwanza na mpango utajibadilisha wenyewe. Hifadhi toleo la zamani lenye tarehe, usiandike juu yake.

Viwango vya mfadhili navyo huenda visilingane na vyenu. Akiwa na ukomo wake wa zabuni ulio chini ya milioni 40, unafuata ulio mkali zaidi kwa manunuzi yanayolipwa na fedha yake, na karatasi ya Ukomo unaijaza kwa viwango hivyo. Kama viko kwa euro au dola, chagua kiwango cha kubadilishia cha siku ya kupitisha mpango, kiandike, na ukitumie mwaka mzima. Kubadilisha kila wiki kutakufanya M02 ihame ngazi bila mtu kugusa kitu. Na kama sehemu ya fedha inatoka serikalini, simama kabla hujafuata sera yenu ya ndani: huenda fedha hiyo ikawa chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na mfumo wa NeST, wenye njia na viwango vyake. Hilo usiliamue peke yako mezani.

Kuna mambo mengine mawili ambayo ningependa uyakalie na mtu ana kwa ana. Mpango huu, kabla haujaenda kwa mfadhili, upitiwe na mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, akiwa na sera yenu mkononi. Saa mbili zinatosha kwa mradi wa ukubwa huu. Pia wewe ni mhasibu na mnunuzi kwa wakati mmoja, na hilo ni udhaifu ambao jedwali haliwezi kuutibu. Zungumza na mkurugenzi ili angalau anayekusanya kotesheni asiwe yule anayeandaa malipo, hata kama mwingine huyo ni afisa mradi aliyefundishwa wiki moja.

Halafu kuna hoja ya mkaguzi ya mwaka jana. Najua kishawishi kitakuja cha kurudi kwenye faili na kuongeza kotesheni au muhtasari wa kamati wenye tarehe ya nyuma. Usifanye hivyo, hata ukiombwa na aliye juu yako. Sasa hivi una kosa la mpangilio linaloelezeka; karatasi ya tarehe ya uongo italigeuza kuwa udanganyifu, na jina litakalokuwa kwenye karatasi hiyo ni lako. Jibu hoja kwa ukweli: vitu hivi vilipangwa kwa kasma, havikujumlishwa, jumla yake ilikuwa kiasi hiki, bei tulizolipa zililingana au hazikulingana na soko, na kuanzia mwaka huu tunajumlisha kwa njia hii. Ambatanisha daraja. Mkurugenzi asaini, na nenda naye kwenye kikao cha mkaguzi badala ya kutuma barua peke yake.